Malipo kwa hatua: ankara inavyoandikwa, na hati inayoifanya idaiwe

Ugomvi mwingi wa ujenzi huanza kwa sentensi moja ya simu: "Bosi, kazi imefika asilimia themanini, naomba awamu ya tatu." Mwenye nyumba anauliza asilimia themanini ya nini. Mkandarasi anamjibu aje aone. Anatumwa shemeji, anaangalia, anasema iko poa, pesa inatumwa. Mwezi mmojawapo mvua inanyesha, sebule inavuja, na kila mmoja anashika neno lake: huyu anasema kazi ilikubaliwa, yule anasema alilipa lakini hakuwahi kukubali chochote.

Wengi hulaumu uaminifu. Mara nyingi ugomvi huo umetokana na maneno matatu yaliyochanganywa, kwa hiyo tuyatenganishe kwanza.

Hatua ni kipande cha kazi chenye mwisho unaoonekana. Hati ya kukubali ni karatasi au ujumbe ambao mwenye kazi, au mtu aliyemteua, anasema humo kwamba kipande hicho kimefika mwisho wake. Ankara ni dai la pesa ya kipande hicho. Risiti ni kitu kingine cha nne, ushahidi kwamba pesa imepokelewa, na huja baadaye. Mpangilio haubadiliki: hatua inaisha, inakaguliwa, inakubaliwa, inadaiwa, inalipwa. Ni kama daladala. Konda hadai nauli ya Kibaha mkiwa Kimara, na abiria hawezi kushuka Kibaha akasema atalipa siku akiridhika na safari. Kituo kinajulikana kabla gari halijaondoka.

Miradi mikubwa nayo inakwenda hivyohivyo. Katika mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya toleo la mwaka 1999, inayotumika sana kwenye barabara na majengo ya umma, mkandarasi hupeleka kwanza taarifa ya kazi iliyofanyika. Mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwenye mradi anatakiwa awe amelipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipoipokea taarifa ile. Pesa haitoki kwa taarifa ya mkandarasi peke yake. Inatoka kwa hati.

Sasa tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Ni nyumba ya vyumba vitatu Kibaha, mkandarasi analeta ufundi na vifaa, bei ni shilingi milioni 80. Wamekubaliana hatua tano. Msingi na jamvi ni milioni 18. Kuta hadi mkanda wa juu, milioni 16. Kupaua na kuezeka, milioni 20. Lipu, dari na mabomba ya umeme na maji, milioni 14. Sakafu, milango, madirisha na rangi, milioni 12. Kuna malipo ya awali ya milioni 16, yaani 20% ya bei, na kila hatua inakatwa 5% ya kushikilia kwa ajili ya kasoro zitakazojitokeza baadaye. Hiyo ya mwisho kwenye kazi za serikali inaendana na kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kutengeneza kasoro, nasi tutaiita fedha ya matazamio.

Angalia kwamba hakuna mahali palipoandikwa "kazi ikifika asilimia fulani". Asilimia haipimiki kwa macho. Kenchi 9 kati ya 12 zikiwa zimesimama, fundi ataona robo tatu ya kazi imekwisha, mwenye nyumba ataona paa halipo, na wote wawili wana hoja. Hatua haina robo: imeisha au haijaisha. Kama mkandarasi anaona hatua ya milioni 20 ni ndefu mno kuibeba kwa mfuko wake, maana mbao na bati hununuliwa mwanzoni, dawa ni kuikata vipande kabla ya kusaini: kupaua milioni 11, kuezeka milioni 9, kila kimoja na mwisho wake. Kwa maoni yangu hatua inayopita mwezi mmoja bila malipo imeandikwa vibaya kwa mkandarasi, na hatua inayolipwa kabla hakuna kitu kilichosimama imeandikwa vibaya kwa mwenye nyumba.

Kazi kubwa iko kwenye maneno ya mwisho wa hatua. Mikataba mingi huandika "kupaua na kuezeka kukamilika" na kuishia hapo, au mbaya zaidi, "mteja akiridhika na paa". Kuridhika ni jambo la moyoni, na hakuna anayeweza kulikagua. Badala yake andika vitu ambavyo mtu wa tatu, asiyewajua nyie wawili, akipanda ngazi atavikuta au hatavikuta. Kwa nyumba yetu kifungu kinaweza kusomeka hivi:

> 6(3) Hatua ya 3, kupaua na kuezeka, itahesabiwa imekamilika pale ambapo: (a) kenchi zote 12 zimesimama na kila moja imefungwa kwenye mkanda kwa nondo zilizoachwa wakati wa kumwaga zege; (b) mbao zote zimepakwa dawa ya wadudu; (c) bati za geji 28 na kofia zake zimepigwa kwenye paa lote; (d) paa limemwagiwa maji kwa mpira kwa dakika 20 kila upande, na hakuna tone lililoonekana ndani. Mifereji ya maji ya mvua na dari si sehemu ya hatua hii.

Sentensi ya mwisho, inayosema kipi hakimo, watu huiacha kwa kuona ni ziada. Ndiyo inayookoa siku ya ukaguzi. Bila hiyo mwenye nyumba anaweza kugoma kulipa milioni 20 kwa sababu mifereji haijafungwa, naye mkandarasi anajua moyoni kwamba mifereji aliipigia hesabu kwenye hatua ya tano.

Epuka pia mwisho unaotegemea mtu ambaye hayuko kwenye mkataba. "Baada ya benki kutoa mkopo", "baada ya kaka yangu kurudi safari". Kazi itakuwa imeisha na hakuna kitu mkandarasi anachoweza kufanya ili alipwe. Kama kweli pesa ya mwenye nyumba inasubiri benki, hilo ni suala la tarehe ya malipo, na lijadiliwe hukohuko kwenye tarehe.

Baada ya mwisho wa hatua, inakuja hati ya kukubali. Mkataba ujibu mambo manne: nani anakubali, ndani ya siku ngapi, kwa njia gani, na ikiwa amekaa kimya inakuwaje.

Nani: jina moja, na la pili endapo wa kwanza hayupo. Mwenye nyumba anayeishi nje ya nchi amteue msimamizi kwa jina ndani ya mkataba, na aseme wazi kwamba ndugu na jamaa wengine wanaweza kutembelea kazi lakini neno lao halikubali wala halikatai hatua. Hiyo inamlinda hata shemeji mwenyewe, ambaye alikwenda kuangalia tu akajikuta shahidi.

Siku: kwa nyumba ya kawaida, siku tano za kazi tangu taarifa ya kumaliza zinatosha. Njia: maandishi. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe unaweza kufaa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayatambua maandishi ya kielektroniki, lakini mkataba utaje namba na anwani zitakazotumika ili pasiwe na mabishano kuhusu ujumbe ulitoka kwa nani. Utaje pia neno lenyewe. Alama ya dole gumba chini ya picha ya bati haisemi kama mtu amekubali hatua au ameona picha. Hati inaweza kuwa fupi kabisa:

> Nimekagua Hatua ya 3 tarehe 11 Mei 2026 kwa kufuata kifungu cha 6(3). Masharti (a) hadi (d) yametimia. Naikubali hatua hii, na mkandarasi anaweza kutoa ankara yake.

Kimya ndicho kinachowachanganya watu kuliko yote. Kuna wanaoamini kwamba usipojibu umekubali, na wengine wanaamini kwamba wasipojibu hawawezi kudaiwa. Usikitegemee kimya kwa upande wowote ule. Kipe maana ndani ya mkataba. Kifungu cha haki kwa pande zote hutoa nafasi mbili: siku tano zikipita bila jibu, mkandarasi anatuma ukumbusho mmoja unaotaja kifungu hicho, zikipita siku tatu nyingine bila jibu la maandishi, hatua inahesabiwa imekubaliwa. Ukumbusho huo ni muhimu. Unamzuia mkandarasi kuvizia siku ambazo mwenzake yuko msibani, na unamzuia mwenye nyumba kutumia ukimya kama kufuli.

Tuone ukaguzi wenyewe. Jumatatu, tarehe 4 Mei, mkandarasi anatuma taarifa: Hatua ya 3 imekamilika, tafadhali kagua kabla ya tarehe 11 Mei. Angalia kwamba hii ni taarifa, haina dai la pesa. Alhamisi msimamizi anakuja na mpira wa maji na ngazi. Anakuta mambo matatu. Kenchi ya nne kutoka upande wa barabara ina nondo iliyoachwa wima, haijakunjwa kuishika mbao. Maji yanadondoka juu ya sebule mahali kofia mbili zinapokutana, kwa kuwa zimelaliana kidogo mno na skrubu moja haijashika papi. Na ubao wa pembeni mwa paa una mkwaruzo wa ngazi.

Hapa ndipo wengi hukosea, kila upande kwa namna yake. Mwenye nyumba hushikilia pesa yote kwa sababu ya mkwaruzo. Mkandarasi hutaka alipwe yote kwa ahadi kwamba kenchi ataifunga kesho. Mkataba mzuri umeshagawa kasoro mafungu mawili. Zile zinazogusa sharti lolote la (a) hadi (d) zinaizuia hatua, na si suala la ukubwa: kenchi isiyofungwa ni kazi ya dakika chache, lakini upepo mkali ukija ndiyo inayoanza kunyanyuka, na dari likishapigwa hakuna atakayeiona tena. Zile zisizogusa masharti hazizuii hatua. Zinaandikwa, zinapewa thamani ya kuzitengeneza, na thamani hiyo pekee ndiyo inayoshikiliwa.

Kwa hiyo msimamizi anaandika siku ileile kwamba hatua haijakubaliwa, kwa sababu ya sharti (a), kenchi ya nne, na sharti (d), uvujaji juu ya sebule. Anaongeza kwamba mkwaruzo utashikiliwa kwa Sh 150,000 mpaka ubao upakwe rangi upya. Kukataa kusikotaja sharti hakufai. "Paa halijakaa vizuri" hakumwambii fundi apande na nyundo au na skrubu, na kunamwachia mwenye nyumba nafasi ya kuleta kasoro mpya kila anapokuja. Inafaa mkataba useme kwamba ukaguzi wa pili utaangalia yale yaliyoandikwa katika ukaguzi wa kwanza tu, pamoja na uharibifu uliotokea wakati wa kuyatengeneza.

Mafundi wanafunga kenchi na kupanga kofia upya Jumamosi. Jumatatu, tarehe 11, maji yanamwagwa tena, sebule inabaki kavu, na hati inasainiwa. Sasa ndipo ankara inapoandikwa, na inapaswa kueleweka na mtu ambaye hakuwahi kufika Kibaha:

> Ankara Na. 04. Tarehe 12 Mei 2026.
> Mkataba wa ujenzi wa nyumba ya vyumba vitatu, Kibaha, uliosainiwa tarehe 12 Januari 2026.
> Hatua ya 3: kupaua na kuezeka, kifungu cha 6(3). Imekubaliwa kwa Hati ya Kukubali Na. 3 ya tarehe 11 Mei 2026, nakala imeambatishwa.
> Thamani ya hatua: Sh 20,000,000
> Toa marejesho ya malipo ya awali, 20%: Sh 4,000,000
> Toa fedha ya matazamio, 5%: Sh 1,000,000
> Toa kilichoshikiliwa kwa mkwaruzo wa ubao: Sh 150,000
> Inayodaiwa sasa: Sh 14,850,000
> Ilipwe si zaidi ya tarehe 26 Mei 2026.
> Hali ya mkataba baada ya hatua hii: kazi iliyokubaliwa Sh 54,000,000, malipo ya awali ambayo hayajarejeshwa Sh 5,200,000, fedha ya matazamio iliyoshikiliwa Sh 2,700,000.

Linganisha na ile tunayoiona kila siku: "Malipo ya awamu ya tatu, Sh 15,000,000." Hiyo haisemi awamu ya tatu ni kitu gani, nani alisema imeisha, wala kwa nini ni milioni 15 wakati mkataba unasema 20. Miezi sita baadaye hata aliyeiandika hakumbuki.

Mstari wa marejesho ya malipo ya awali unastahili maelezo, maana kuna imani kwamba pesa ya mwanzo ni ya mkandarasi, na hatua zinaanza kuhesabiwa upya juu yake. Sivyo. Milioni 16 ni sehemu ya milioni 80, imetangulia tu ili mbao na saruji zinunuliwe. Ndiyo maana kila hatua inairudisha kwa 20% yake, na hatua ya tano ikiisha deni hilo limefika sifuri. Usipoandika mstari huo mwanzoni, utaikuta milioni 16 yote imerundikana kwenye hatua ya mwisho, ambayo ina thamani ya milioni 12. Mkandarasi atakuwa anatakiwa amalize nyumba bila malipo na juu yake arudishe milioni 4. Hapo kazi nyingi ndipo huachwa, na rangi haipakwi kamwe.

Tarehe ya mwisho ya kulipa iandikwe kama tarehe. "Ndani ya siku 14" huzaa swali: tangu lini? Tangu kazi ilipoisha, iliposainiwa hati, au ankara ilipofika? Mkataba uchague moja, na tangu ankara ipokelewe ndiyo rahisi kuthibitisha, kisha ankara yenyewe itaje siku ya kalenda.

Kwa mkandarasi aliyesajiliwa VAT Tanzania Bara, mpangilio huu una uzito wa ziada. Kodi hudaiwa kwa lile linalotangulia kati ya ankara kutolewa, malipo kupokelewa na huduma kutolewa. Aliyetoa ankara ya milioni 20 mwishoni mwa Aprili kwa "kumharakisha" mteja, kabla hatua haijakubaliwa, anaweza kujikuta anatakiwa kupeleka 18% yake, milioni 3.6, pamoja na ritani ya tarehe 20 Mei, hali mwenye nyumba hajatoa hata shilingi. Ndiyo sababu wazoefu hutuma kwanza taarifa ya kumaliza, au profoma isiyo na namba ya ankara, na ankara yenyewe huitoa hati ikiwa mkononi. Na kwa kuwa malipo ya awali yalishatozwa kodi yalipoingia, sehemu inayorejeshwa katika kila hatua haitozwi mara ya pili. Mhasibu ahakikishe hesabu inaonyesha hivyo.

Kazi za nyongeza zisiingizwe kwenye ankara ya hatua. Mwenye nyumba akibadili mawazo katikati, akataka baraza liongezwe paa lake, iandikwe bei, ikubaliwe kwa maandishi kabla ya mbao kununuliwa, na itolewe ankara yake yenye namba yake. Ukiichomeka ndani ya Ankara Na. 04, mabishano ya Sh 900,000 za baraza yatashikilia milioni 14.85 ambazo hakuna anayezibishia.

Imebaki imani moja: kwamba kulipa ni kukubali. Mwenye nyumba aliyemtumia mkandarasi milioni 5 kabla ya ukaguzi, kwa kuwa mafundi walikuwa wanadai posho, huambiwa baadaye kwamba alishaikubali hatua kwa kulipa. Kinga yake ni sentensi mbili. Moja ikae ndani ya mkataba: malipo yoyote yasiyotanguliwa na hati ya kukubali ni malipo ya mbele, na hayaondoi haki ya kukagua. Nyingine aiandike siku anapotuma pesa: "Hii ni ya mbele kwa Hatua ya 3, itakatwa kwenye ankara yake." Kisha ikatwe kweli, kwa mstari wake, chini ya fedha ya matazamio.

Nayo fedha ya matazamio ina ankara zake. Hatua tano zikiisha itakuwa imefika milioni 4. Desturi iliyozoeleka ni nusu kulipwa siku ya makabidhiano na nusu mwisho wa kipindi cha matazamio, ambacho kwa nyumba kama hii ni vizuri kipite kwenye msimu mmoja mzima wa masika, kwa sababu paa linajulikana masika. Nusu ya pili huwa ngumu kudai kwa sababu hakuna kazi mpya ya kuonyesha, na wakandarasi wengi huishia kuisamehe. Haina haja ya kusamehewa ikiwa mwisho wake nao una hati. Wiki mbili kabla ya kipindi kuisha, mkandarasi aombe ukaguzi wa mwisho kwa maandishi, atengeneze kasoro zitakazoorodheshwa, kisha ankara isomeke: "Nusu ya pili ya fedha ya matazamio, Sh 2,000,000. Kipindi cha matazamio kimekwisha, na kasoro zote za orodha ya ukaguzi wa mwisho zimetengenezwa na kukubaliwa kwa Hati Na. 6. Baada ya malipo haya mkataba hauna deni kwa upande wowote."